Kutoka picha ya ankara hadi jedwali la hesabu: namna ya kuhamisha namba bila kuzipotosha

Wenye maduka wengi vijijini siku hizi hupiga picha ankara zote za mzigo kwa simu. Mwezi unapoisha, simu ina picha 40 au 50, lakini ukiuliza misumari ilinunuliwa kwa bei gani kwa kila msambazaji, jibu halipatikani haraka. Picha inatunza ankara, lakini haiwezi kujumlisha wala kulinganisha bei. Ili ifanye hivyo, namba zilizomo lazima zitolewe na kupangwa kwenye jedwali moja lenye mpangilio usiobadilika, hata kama kila msambazaji anaandika ankara kwa mtindo wake.

Makala hii inafuata mfano wa duka la vifaa vya ujenzi nchini Tanzania linalonunua kwa wasambazaji wawili. Wa kwanza amesajiliwa kwa VAT na anatoa ankara iliyochapwa pamoja na risiti ya EFD. Wa pili anaandika ankara kwa mkono na hatozi VAT. Jedwali linalotumika ni Google Sheets, ambalo hufunguka kwenye simu ya kawaida ya Android.

Piga picha siku ileile

Risiti ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayopata maandishi kwa joto. Ikikaa juani, juu ya bati au ndani ya gari, maandishi hufifia na baada ya muda hayasomeki. Kwa hiyo picha ipigwe siku mzigo unapofika.

Nyoosha karatasi juu ya meza karibu na mlango, penye mwanga wa mchana. Shika simu juu yake moja kwa moja, usiiinamishe, na uangalie kivuli cha mkono kisifunike namba. Kama risiti ni ndefu, piga picha mbili, na mstari wa mwisho wa picha ya kwanza uonekane tena mwanzoni mwa picha ya pili. Hapo utajua hakuna bidhaa iliyoruka katikati.

Usitupe karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5.

Kutoa maandishi kwenye picha

Fungua picha, gusa alama ya Google Lens, chagua maandishi, kisha yanakili. Ankara iliyochapwa vizuri husomeka kwa sehemu kubwa. Matatizo hutokea kwenye mpangilio: mara nyingi simu husoma majina yote ya bidhaa kwanza, halafu kiasi chote, halafu bei zote, kila kitu kimetengana na mwenzake. Ukibandika hivyo hivyo kwenye jedwali, bei ya nondo inaweza kukaa mbele ya misumari. Chukua namba kutoka kwenye maandishi, lakini kila mstari uupange huku ukitazama picha.

Zipo pia tarakimu zinazofanana: 3 na 8, 1 na 7, 5 na 6, sifuri na herufi O. Karatasi iliyokunjwa au kufifia huongeza makosa haya. Ankara ya mkono ni ngumu zaidi, na kwa kawaida ni haraka kuiandika mwenyewe kuliko kusahihisha kilichosomwa na simu.

Safu zilezile kwa kila msambazaji

Kanuni ya jedwali ni moja: bidhaa moja, mstari mmoja. Ankara yenye bidhaa tatu inachukua mistari mitatu, na tarehe, jina la msambazaji na namba ya ankara vinarudiwa kwenye kila mstari. Mstari wa kwanza kabisa una vichwa vya safu hizi:

- A: tarehe
- B: msambazaji
- C: namba ya ankara
- D: bidhaa
- E: kipimo, kama mfuko, kilo au kipande
- F: kiasi
- G: bei ya kipimo kimoja kabla ya VAT
- H: jumla ya mstari kabla ya VAT
- I: asilimia ya VAT, kama 18 au 0
- J: fedha uliyolipa kwa mstari huo
- K: ukaguzi
- L: gharama halisi ya kipimo kimoja

Safu A hadi I unazijaza kutoka kwenye picha. Tatu za mwisho zinajihesabu zenyewe. Kwenye mstari wa 2, andika fomula hizi kwenye J, K na L, kisha uzinakili kwenda mistari ya chini:

```
=H2*(1+I2/100)
=F2*G2-H2
=J2/F2
```

Namba ziandikwe tupu. Msambazaji akiandika 80,000/=, wewe andika 80000. Ukiacha ile alama, jedwali litaona ni maneno, na fomula zinazoitumia zitaonyesha kosa badala ya jibu. Akiandika 80.000 kwa nukta, jedwali linaweza kusoma themanini badala ya themanini elfu. Namba ya ankara inayoanza na sifuri, kama 00482, itangulize kwa alama ya ' ili sifuri zisifutwe.

Tarehe nayo ina mtego. Jedwali linaweza kuwa limewekwa kwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, jedwali litaweka tarehe 4 Machi, na ununuzi wako utahamia mwezi mwingine kimyakimya. Andika mwaka kwanza: 2025-04-03. Mtindo huo hauna utata.

Mfano: ankara ya msambazaji wa kwanza

Ankara ina mifuko 50 ya saruji kwa Sh 15,500 kila mmoja, jumla Sh 775,000. Ina kilo 25 za misumari ya inchi 4 kwa Sh 3,200, jumla Sh 80,000. Na ina vipande 20 vya nondo ya milimita 12 kwa Sh 21,000, jumla Sh 420,000. Chini yake imeandikwa jumla ndogo Sh 1,275,000, VAT Sh 229,500, na jumla kuu Sh 1,504,500.

Tuseme simu imesoma bei ya misumari kuwa 8,200 badala ya 3,200. Kwa macho tu si rahisi kugundua. Lakini safu ya K inazidisha 25 kwa 8,200, inapata 205,000, inatoa 80,000, na kuonyesha 125,000. Mstari ulioandikwa sawa huonyesha 0. Popote K isipokuwa 0, rudi kwenye picha na uangalie namba tatu za mstari huo: kiasi, bei na jumla. Ukirekebisha bei kuwa 3,200, K inarudi 0.

Ukaguzi wa pili ni wa ankara nzima. Jumlisha safu ya J kwa mistari mitatu ya ankara hiyo:

```
=SUM(J2:J4)
```

Jibu linatakiwa kuwa 1,504,500, sawa na jumla kuu kwenye karatasi. Kama kila K ni 0 lakini jumla hii haikubali, basi tatizo haliko kwenye tarakimu za mistari uliyoandika. Ama kuna mstari umeruka, ama kuna usafiri au punguzo hukuliingiza, ama asilimia ya VAT si sahihi. Kwa mfano, ukisahau nondo utapata 1,008,900. Pengo ni 495,600, ambayo ni ileile 420,000 ya nondo ukiongeza VAT. Mara nyingi ukubwa wa pengo wenyewe unakuonyesha kilichosahaulika.

Wakati mwingine umeandika kama picha inavyoonyesha, na bado K haiwi 0. Hapo aliyekosea ni msambazaji. Mpigie kabla hujalipa.

Ankara ya pili, na bei inayodanganya macho

Msambazaji wa pili ameandika kwa mkono: misumari ya inchi 4, boksi 1, Sh 84,000. Ukiandika "boksi 1", jedwali halitaweza kulinganisha na kilo za yule wa kwanza. Boksi hilo limeandikwa kilo 25, kwa hiyo kipimo ni kilo, kiasi ni 25, na bei ni 84,000 ugawanye kwa 25, yaani Sh 3,360. VAT ni 0. Jina la bidhaa pia liwe lilelile, "misumari inchi 4", hata kama yeye ameandika "msmr 4".

Kwa kutazama karatasi, wa kwanza anaonekana rahisi: 3,200 dhidi ya 3,360. Safu ya L inasema vingine. Misumari ya wa kwanza iligharimu Sh 3,776 kwa kilo baada ya VAT, na ya wa pili Sh 3,360. Kwa kilo 25, tofauti ni Sh 10,400. Duka ambalo halijasajiliwa kwa VAT haliwezi kudai VAT hiyo irudi, kwa hiyo fedha hiyo imetoka mfukoni. Kwa duka lililosajiliwa, ambalo huidai kwa risiti halali, bei ya kulinganisha ni ya safu ya G, na hapo wa kwanza ndiye rahisi.

Wapo wasambazaji wanaoandika bei ambayo tayari ina VAT ndani. Utawatambua kwa sababu mistari ikijumlishwa inatoa jumla kuu moja kwa moja, na VAT imetajwa tu pembeni. Bei na jumla za mistari hiyo zigawanye kwa 1.18 kabla ya kuziweka kwenye G na H. Sh 3,776 ukigawanya kwa 1.18 inarudi Sh 3,200.

Ambacho hesabu haiwezi kukamata

Ukaguzi huu unakamata makosa ya kiasi, bei na jumla. Hauwezi kujua kama tarehe, jina la bidhaa au namba ya ankara imekosewa. Hayo yasome kwa macho. Kwa risiti ya EFD, piga skani mraba wa msimbo uliochapwa juu yake. Unakupeleka kwenye tovuti ya uhakiki ya TRA, verify.tra.go.tz, na hapo unaweza kulinganisha tarehe na jumla na ulichoandika.

Kosa lingine ni kuingiza ununuzi mmoja mara mbili. Mzigo mmoja unaweza kuja na profoma, ankara, hati ya kupokelea mzigo na risiti ya EFD, na zote zikapigwa picha. Chagua karatasi moja ya kuingiza, yaani ankara, na nyingine ziwe ushahidi tu. Ukiwa na shaka, weka fomula hii kwenye safu ya M na uinakili chini:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,C:C,C2,D:D,D2)
```

Inahesabu mara ngapi bidhaa hiyo imeandikwa kwa msambazaji huyo na namba hiyo ya ankara. Ikionyesha 2, fungua picha zote mbili uone kama ni karatasi ileile kabla ya kufuta mstari wowote.