Daftari la duka la Ibra

Katika sanduku la bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu, chini ya kanga na vyeti vya chuo, tulikuta daftari refu la duka lenye jalada la kitambaa chekundu kilichopauka. Limeandikwa kwa Kiswahili, kwa harufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Jamaa zetu wa Ibra waliolishika wakati ule waliweza kuzitamka herufi zote na wasielewe neno hata moja. Waliokuwa wakilisoma ni watu wawili tu, nao ndio waliokuwa wenye duka: babu yangu na rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye jina lake nitalihifadhi kwa heshima ya wanawe.

Wawili hao walisoma chuo kimoja Unguja, kwa mwalimu mmoja. Rafiki alirejea Sharqiya mapema, baba yake alipougua, akakuta duka la mzee pale sokoni Ibra. Babu aliondoka baada ya Januari 1964, akazunguka Ghuba miaka kadhaa, na alipochukua ufalme Sultan Qaboos, Julai 1970, akawa miongoni mwa waliorudi kwa wingi. Kwa kuwa alijua Kiingereza na kuandika hesabu, alipata kazi ya ukarani Maskati. Familia akaiweka Ibra, kwenye nyumba ya ukoo.

Sharika yao ilianza 1972, na ukurasa wa kwanza wa daftari unasema yote yaliyosemwa. Babu alitoa riali 1,200. Rafiki alitoa bidhaa zilizokuwamo dukani, ambazo baba yake alikuwa amezihesabu kwa rupia 8,400. Riali Saidi ilikuwa imeanza kutumika 1970 kwa kima cha rupia 21, kwa hiyo wakaandika riali 400. Chumba cha duka kilikuwa cha rafiki, na kazi ni yake. Chini yake kuna maneno matatu: nusu kwa nusu. Hapana shahidi, hapana sahihi. Nani atamtaka mwenziwe sahihi, na wamekula sahani moja tangu wana miaka saba?

Kuna jambo moja ambalo ukurasa huo hauliandiki. Riali zile 1,200 zilitoka katika dhahabu ya bibi, bangili na mikufu aliyoivusha bahari ikiwa imeshonwa ndani ya pindo la nguo, kisha ikauzwa Matrah.

Kwa miaka mitano duka lilikwenda vizuri. Liliuza mchele, sukari, mafuta ya taa, karabai na majiko ya mafuta, majora ya kitambaa, na papa mkavu aliyeletwa kutoka Sur. Wateja wengi walikuwa wenye mitende, nao walikopa mwaka mzima wakalipa kiangazi, baada ya kuuza mabsali. Hii ni tende ya Sharqiya inayovunwa ikiwa bado ya njano, ikachemshwa katika masufuria makubwa ya shaba, ikaanikwa juani na kusafirishwa Bara Hindi. Duka la namna hiyo ni kama benki isiyotoza riba. Linaishi kwa kuwa wadaiwa wote hulipa kwa msimu mmoja.

Kilichoivunja biashara hakikuwa wizi wala uvivu. Vijana walikwenda Maskati kwenye mishahara, na mashamba yakabaki na wazee. Ilipokuja barabara, mwenye gari akanunua mchele wake Matrah kwa bei ile ile waliyonunulia wao. Ulipofika umeme, karabai thelathini na majiko vikabaki rafuni. Katika daftari hayo yote yanaonekana kwa njia moja tu: upande wa mikopo unarefuka, na ule wa malipo unaanza kuwa na mistari mitupu.

Kikao cha kugawana kilifanyika 1981, Alhamisi moja baada ya Alasiri, ndani ya duka, mlango umerudishwa. Walikuwapo wawili wale, mzee mmoja wa mtaa aliyesomea fiqhi na aliyezoeleka kusuluhisha watu, na ami yangu, ambaye wakati huo alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne, kazi yake kuhesabu bidhaa na kumimina kahawa. Bibi alikaa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Ninayoyaandika nimeyapata kwa ami, na tarakimu ni za daftari.

Mzee aliwaambia wasigawane kitu kabla ya kujua kilichopo. Bidhaa zilikuwa zimenunuliwa kwa riali 1,500, lakini alikataa kuandika tarakimu hiyo. Aliuliza kila kitu kitauzwa kwa bei gani kesho asubuhi, na zilipofika karabai akaandika karibu na sifuri. Bidhaa zote zikawa riali 900. Fedha taslimu zilikuwa 110. Mikopo ya wateja ilikuwa 1,340, na baada ya kupita jina kwa jina, huyu amekufa, huyu amehamia Sur, huyu hana, wakakadiria kupata 500. Jumla riali 1,510. Muuzaji wa jumla wa Matrah aliwadai 1,000, naye hulipwa kabla ya mshirika yeyote. Zilibaki 510, na walikuwa wameanza na 1,600. Hasara ni riali 1,090.

Hapo ndipo babu alipochukua kalamu. Nusu kwa nusu, alisema, kila mtu abebe 545. Yeye katika 1,200 zake atabakiwa na 655. Rafiki alikuwa na 400 tu, kwa hiyo mtaji wake umekwisha na bado anadaiwa 145. Aliisema hesabu ile kwa upole, ami anasimulia, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Rafiki alinyamaza, kisha akasema: "Ndugu yangu, miaka tisa nimefungua mlango huu baada ya Alfajiri. Sikukuomba mshahara, sikukuomba kodi ya chumba. Leo natoka na deni?"

Mzee akaingia kati. Faida, alieleza, hugawanywa kama washirika walivyokubaliana, na nusu kwa nusu ni halali hata kama mitaji si sawa, kwa sababu mmoja anatoa kazi zaidi. Hasara haina mapatano. Inafuata mtaji. Aliyeweka robo tatu hubeba robo tatu, na mwenye robo hubeba robo. Mwenye kazi naye amekwisha kupata hasara yake, ambayo ni miaka. Haya hakuyatunga yeye. Ni kauli iliyotanda katika vitabu vya fiqhi, na Sharqiya haikukosa wa kuisomesha: Sheikh Nuruddin As-Salimi, aliyefariki 1914, alikaa miaka mingi Al-Qabil, si mbali na Ibra, akijibu maswali ya watu. Kwa kanuni hiyo babu apate riali 382 na nusu katika zile 510, na rafiki apate 127 na nusu. Baina ya hesabu mbili hizi kuna tofauti ya riali 272 na nusu, na kwa karani wa zama zile fedha hizo hazikuwa ndogo.

Babu hakukubali kwa urahisi, na sitaki kumpamba kwa kuwa ni babu yangu. Alijua kwamba kanuni ile ina mlango mmoja: msimamizi wa mali akizembea, au akivuka aliyoruhusiwa, hulipa yeye peke yake. Akafungua daftari mahali penye mikopo, akaweka kidole kwenye jina la familia moja iliyorudi kutoka Unguja mikono mitupu. Ilikuwa imekopa riali 310 kwa miaka mitatu bila kulipa chochote. "Huyu ulimpa kwa idhini ya nani?"

Swali hilo, katika sharika ya watu wawili, ni zito kuliko kumwita mtu mwizi. Mwizi anakanusha. Anayeulizwa idhini yuko wapi hana budi aoneshe.

Rafiki aliinuka akaenda kwenye bweta la fedha, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Hakuisoma. Alimpa ami, ambaye bibi alikuwa amemfundisha harufi zile, naye akaisoma kwa sauti, hajui anasoma nini. Ilikuwa barua ya babu kutoka Maskati, ya mwaka 1977. Ilisema kwamba watu wale ni wetu, wamefika hawana hata sufuria, wape watakacho, na usiwaandikie muda wa kulipa.

Ami anasema alitamani ardhi immeze. Babu aliichukua barua, akaitazama hati yake mwenyewe, akaiweka juu ya mizani. Mzee hakusema neno. Ndipo sauti ya bibi ikatoka nyuma ya pazia, akimwambia mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama ilivyo adabu: "Baba Salim, dhahabu sikumpa yeye. Nilikupa wewe."

Kwa maneno yale alimtoa rafiki ndani ya kesi. Dhahabu ingekuwa mtaji aliouweka bibi mwenyewe dukani, naye angebeba hasara kama mwenye mali. Lakini alimkopesha mumewe, na mali ya mke si ya mume. Kwa hiyo deni lile halikuguswa na hasara ya duka. Babu alidaiwa riali 1,200 kamili, duka life lisife.

Walimaliza kabla ya Magharibi. Bidhaa ziliuzwa kwanza, na zilizobaki zikapangwa mafungu manne ya thamani sawa. Rafiki alilipanga, babu akachagua matatu. Mikopo ndiyo iliyobaki, na babu alitaka igawanywe kwa majina: huyu wangu, huyu wako. Mzee alikataa, kama wanavyokataa mafakihi wengi, kwa sababu mdaiwa mmoja hulipa na mwengine hufa, na aliyepewa majina mabaya atakuwa amedhulumiwa kwa bahati tu. Deni libaki la wote, rafiki akusanye, na kila kinachopatikana kigawiwe siku hiyo hiyo, robo tatu na robo.

Alikusanya kwa miaka sita, hata baada ya kuhamia Sur. Hati yake iko pale, malipo kwa malipo: riali nane, riali tatu na nusu, gunia la tende lililohesabiwa riali kumi. Jumla yake ni riali 536. Kwa mwaka wa kwanza fedha zililetwa na mtu mwengine. Kuanzia Idi ya mwaka wa pili alizileta mwenyewe, na ami anakumbuka kuwa alikaa hadi usiku.

Jina la ile familia ya riali 310 limepigwa mstari, na pembeni pameandikwa "tumesamehe", kwa hati mbili tofauti.

Kurasa za mwisho si za duka. Ni hesabu ya babu na bibi peke yao, riali kumi kila mwezi, zikikatwa kutoka 1,200. Kila malipo yana alama ndogo ya wino aliyoitia bibi. Ya mwisho ni ya 1991.