Rika la mzigo: ripoti ya umri wa bidhaa katika duka la pembejeo Sumbawanga

Mbegu, dawa au mbolea ikikosa mnunuzi, wenye maduka husema imedoda. Neno linatosha kueleza kwamba mzigo hautoki, ila halisemi umekaa tangu lini wala ni fedha kiasi gani zimelala ndani yake. Hayo hutafutwa kwenye ripoti ya umri wa bidhaa, ambayo kwenye programu ya Tally husomeka `Ageing Analysis`. Ni jedwali linalochukua kila kilichobaki ghalani katika tarehe moja na kukigawa kwa muda uliopita tangu kipokelewe. Vipande hivyo vya muda naviita marika, kwa kuwa bidhaa za rika moja ziliingia katika kipindi kimoja na zinastahili uamuzi mmoja.

Ripoti hii isichanganywe na orodha ya tarehe za mwisho wa matumizi. Orodha ile huhesabu siku zilizobaki mbele, na ripoti ya umri huhesabu siku zilizopita. Mnyororo wa plau hauna tarehe ya kuharibika, lakini unaweza kulala dukani miaka mitatu.

Tuchukue duka la mfano mjini Sumbawanga, tarehe 31 Januari. Ghalani kumebaki mifuko 140 ya Urea. Vitabu vinaonyesha ilipokelewa mifuko 200 tarehe 15 Oktoba, 100 tarehe 2 Desemba, na 60 tarehe 10 Januari. Kanuni ni kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kilichotangulia kutoka, kwa hiyo kilichobaki huhesabiwa kuanzia mapokezi ya mwisho kurudi nyuma. Mifuko 60 ni ya Januari na ina siku 21. Inabaki 80, nayo inatoshelezwa na mzigo wa Desemba, wenye siku 60. Mzigo wa Oktoba umekwisha wote. Kwenye jedwali la kompyuta, tarehe ya ripoti ikiwa kwenye seli B1 na tarehe za mapokezi zikiwa kwenye safu ya C kuanzia C2, umri hupatikana hivi:

```
=$B$1-C2
```

Wengi huweka `TODAY()` mahali pa tarehe ya ripoti. Jedwali hilo likifunguliwa Machi linatoa umri mwingine kabisa, na ripoti ya Januari inakuwa imepotea.

Sasa ongeza bidhaa mbili. Pakiti 90 za mbegu chotara za mahindi zilipokelewa 5 Novemba, kila moja kwa shilingi 14,000. Pakiti 48 za dawa ya unga ya kuzuia dumuzi zilipokelewa 20 Juni mwaka uliopita, kila moja kwa shilingi 6,000, na bado zina miezi mingi kabla ya kuisha muda wake. Mbegu zina siku 87, dawa ina siku 225. Marika ya kawaida ya ripoti nyingi ni siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Kwa kipimo hicho mbegu bado zina nafuu, na dawa ndiyo iliyododa.

Uwanda wa Ufipa unasema kinyume. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mahindi hupandwa mvua zinaposhika, hukuziwa mbolea yakiwa shambani, na huingia ghalani kuanzia katikati ya mwaka. Mwisho wa Januari anayetafuta mbegu ya mahindi ni wa kubahatisha. Zile pakiti 90, zenye shilingi 1,260,000 ndani yake, zitangoja hadi Novemba ijayo. Dawa ya dumuzi yenye shilingi 288,000 bado ina mavuno ya mwaka huu mbele yake, na itatoka yenyewe. Marika yanayohesabu siku tupu yalitengenezwa kwa maduka yanayouza kitu kilekile mwaka mzima. Duka la pembejeo la Ufipa linapaswa kukata marika yake kwa dirisha la mauzo, yaani wiki ambazo mkulima anakihitaji kitu hicho.

Rika la kwanza basi ni bidhaa ambayo dirisha lake la msimu huu liko wazi au liko mbele, na muda wake wa matumizi utavuka dirisha hilo. Dawa yetu iko hapa. Haipunguzwi bei, kinachofanyika ni kutoagiza nyingine mpaka hii ipungue.

Rika la pili ni bidhaa ambayo dirisha lake linafungwa ndani ya mwezi. Hapa ndipo ripoti inapolipa, na hapa ndipo wengi huchelewa. Urea yetu yote imo humu. Inafaa kuhamishiwa tawi la Laela au Matai kama huko mauzo bado yako moto, au kutafutiwa wakulima wa mpunga wa Bonde la Ziwa Rukwa, na punguzo litolewe sasa, wakati mnunuzi bado yupo.

Rika la tatu limepitwa na dirisha la msimu huu. Mbegu zetu zimefika hapa, na punguzo halisaidii tena: hata kwa nusu bei, hakuna anayepanda mahindi mwezi Machi akitarajia kuvuna. Njia ya kwanza ni kumrudishia msambazaji, kama makubaliano ya kurudisha yaliandikwa tangu mwanzo. Vinginevyo zitunzwe pakavu na penye ubaridi, na kabla ya Novemba lebo ikaguliwe na uotaji upimwe upya. Zikishindwa haziuzwi. Wala haziendi mashineni kuwa unga, maana mbegu zilizopakwa rangi huwa zimepakwa dawa ya sumu pia.

Rika la nne ni lililopitwa na madirisha mawili au kuisha muda. Thamani yake ifutwe vitabuni. Viuatilifu vya rika hili havitupwi jalalani wala kugawiwa bure. Mwenye duka aombe maelekezo ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Ndani ya kila rika, panga kwa fedha, na fedha iwe bei ya kununulia. Ukipanga kwa idadi, pakiti ndogo za mbegu za mchicha zitakaa juu ya orodha na kukupotezea asubuhi nzima.

Ripoti hii hudanganya kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni uhamisho. Tawi likirudisha mifuko iliyoshindikana, programu nyingi huandika tarehe ya kurudi kama tarehe ya mapokezi, na mfuko wa Oktoba unazaliwa upya Februari. Utaijua kwa kuona mzigo wenye umri mdogo katika mwezi ambao hakuna ankara ya msambazaji. Marekebisho baada ya kuhesabu mali huleta kasoro ileile.

Ya pili iko ghalani kwenyewe. Hesabu imedhani mfuko wa zamani ulitoka kwanza, ilhali mpakiaji huchukua ulio karibu na mlango. Mifuko ya Oktoba inaweza kuwa bado imeegemea ukuta, ikivuta unyevu wa masika hadi Urea igande kuwa bonge. Ripoti itaonyesha siku 60, na mfuko una siku 108. Kinga yake ni kuandika tarehe ya mapokezi kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila mfuko unaposhushwa, kisha siku ya ripoti kusoma tarehe za mifuko iliyo chini na nyuma kabisa. Zikitofautiana na jedwali, umri wa kufuata ni ule ulioandikwa mfukoni.

Toleo la ripoti hii lenye faida kubwa kuliko yote ni la Septemba, kabla ya kuagiza mbegu. Kama rika la tatu lina pakiti 90 za aina moja na zimefaulu kipimo cha uotaji, oda ya aina hiyo hupungua kwa 90.