Moto wa Samawati Juu ya Makaa

Kuna joto ambalo ni vigumu mno kulipima moja kwa moja, na bado utalikuta kwenye majedwali ya kemia likiwa limeandikwa bila wasiwasi: −110.5. Hizo ni kilojuli zinazotoka moli moja ya kaboni, kama gramu 12 hivi, inapoungua nusu njia tu na kuwa kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Shida si vyombo vya kupimia. Shida ni kaboni yenyewe. Ukiipa oksijeni tele, inaungua hadi mwisho na kuwa kaboni dioksaidi. Ukiibania oksijeni ili iishie njiani, haikutii: sehemu inakuwa monoksaidi, sehemu inakuwa dioksaidi, nyingine inabaki makaa vile vile. Kipimajoto kinakupa joto la mchanganyiko huo wote, na huwezi kujua nani ametoa ngapi. Kwa hivyo ile 110.5 ilitoka wapi?

Jibu lake ni la mwaka wa 1840, na aliyelitoa ni Germain Hess. Waliosoma kemia ya kidato cha nne wanalijua jina hilo, mara nyingi kama swali la mtihani tu. Mimi nilitaka kumjua mwenyewe. Alizaliwa Geneva, Uswisi, mwaka wa 1802, akapelekwa Urusi akiwa bado mtoto mdogo kwa sababu babake, msanii, alipata kazi huko. Akasomea udaktari Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu na uko Estonia. Akapita Stockholm kwa muda mfupi kwa Berzelius, mkemia aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wa wakati huo, kisha akaenda kutibu watu Irkutsk, kule Siberia. Mwaka wa 1830 akarudi St. Petersburg, na hapo ndipo alipofanyia kazi iliyobeba jina lake.

Hakuanza bila chochote. Miaka ya 1780, Lavoisier na Laplace kule Paris walikuwa wameshasema kwamba joto linalotoka vitu vikiungana ni sawa na lile utakalolazimika kurudisha ukitaka kuvitenganisha. Yaani safari ya kurudi ina bei ile ile ya kwenda, ila alama inageuka. Hess aliongeza swali jingine: je, ukienda kwa kupitia vituo?

Alichukua asidi ya salfuriki. Ukiichanganya na maji inachemka joto kali (ndiyo maana maabara zote zinakuonya umimine asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi). Ukiikutanisha na amonia inageuka chumvi, na hapo pia joto linatoka. Basi Hess akaizimua asidi kwa maji kwa viwango tofauti, akapima joto la hatua hiyo, halafu akaongeza amonia na kupima tena. Kwa vizio alivyotumia yeye, asidi yenye maji kidogo kabisa ilitoa 595.8 ilipokutana na amonia. Ile yenye maji mara mbili ilikuwa imeshatoa 77.8 wakati wa kuzimuliwa, na amonia ikaileta 518.9 tu. Jumla: 596.7. Kwa maji mara tatu, 116.7 na 480.5, jumla 597.2. Kwa mara sita, 155.6 na 446.2, jumla 601.8.

Tazama zile hatua moja moja: zinapanda na kushuka sana. Jumla zinapishana kwa asilimia 1 hivi. Ukipata joto jingi mwanzoni, utapata kidogo mwishoni, na mwisho wa siku hesabu ni moja. Mimi kinachonishangaza zaidi ni tarehe. Mayer aliandika kuhusu nishati kutopotea mwaka wa 1842, Joule akafuata 1843, na Helmholtz akaliweka sawasawa mwaka wa 1847. Hess aliisoma kanuni yake kwenye kipimajoto kabla ya kuwepo nadharia ya kuieleza.

Ni kama kimo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya Mombasa. Panda treni, panda basi, zunguka Taita ukitaka, ukifika umepanda mita zile zile. Enthalpi, yaani akiba ya joto ya vitu vikiwa kwenye presha isiyobadilika, ina tabia hiyo hiyo, na badiliko lake linaandikwa ΔH.

Sasa turudi kwa kaboni yetu. Kuna vitu viwili tunavyoweza kupima vizuri. Kwanza, kuunguza grafiti, kaboni safi, kwenye oksijeni tele: ΔH = −393.5. Pili, kuchukua monoksaidi ambayo tayari iko kwenye chupa na kuiunguza: ΔH = −283.0. Zote zinaishia mahali pamoja, kwa dioksaidi. Chora:

```
   0     ── C + O2 ───────────────
              │            │
              │            ↓  −110.5
-110.5        │       ── CO + ½O2
              │            │
      −393.5  │            ↓  −283.0
              ↓            │
-393.5   ── CO2 ──────────────────
```

Mshale mrefu wa kushoto tunaujua. Mshale wa chini kulia tunaujua. Uliobaki ni lazima ujaze pengo. Kwa maandishi, unaligeuza lile tukio la pili (CO2 → CO + ½O2, na sasa ni +283.0), unalijumlisha na la kwanza, unafuta CO2 inayoonekana pande zote mbili na nusu ya oksijeni, unabaki na C + ½O2 → CO. Kisha −393.5 + 283.0 = −110.5.

Wengi huangukia pale pa kugeuza. Ukisahau kubadilisha alama unapata −676.5, na hesabu peke yake haitakushtua. Mchoro utakushtua: utakuwa umeiweka CO chini ya CO2, na kitu kilicho chini kabisa hakiwezi kuungua kushuka tena hadi dioksaidi. Mtego mwingine ni hali ya kitu. Haidrojeni ikiungua na kuwa maji ya kimiminika ni −285.8, ikiwa mvuke ni −241.8. Ukichanganya hizo mbili kwenye mchoro mmoja, mishale haitakutana, kwa sababu umeruka kituo cha maji kuwa mvuke.

Na kuna jambo ambalo mchoro hauwezi kukwambia: kama tukio litatokea, au kwa kasi gani. Ziko chumvi za amonia zinazoyeyuka zenyewe kwenye maji huku zikiyapoza hadi sufuria inatoa jasho. Mshale wao unapanda, na bado zinakwenda.

Lakini angalia tena ile mishale miwili ya kulia, kisha ufikirie jiko. Makaa si grafiti safi, kwa hivyo tarakimu zake si hizi kamili, ila umbo ni hilo hilo. Hatua ya kwanza inatoa kama asilimia 28 tu ya joto lote la kaboni. Asilimia 72 imebaki ndani ya CO. Makaa yakiwa mekundu na hewa inapita vizuri, utaona ndimi ndogo za samawati zikicheza juu yake: hiyo ni monoksaidi inayomalizia mshale wake wa pili, na joto lake linaingia kwenye sufuria. Jiko likibanwa hewa, ndimi hizo zinatoweka, sufuria inachelewa, na kilojuli 283 kwa kila moli zinaelea chumbani zikiwa bado gesi.