Kununua hisa kwa kiasi kile kile cha fedha kila mwezi: Kwa nini gharama huwa chini ya wastani wa bei

Tuseme mwalimu mmoja ameamua kutenga Sh6,000 kutoka kwa mshahara wake kila mwezi ili anunue hisa za kampuni moja katika Soko la Hisa la Nairobi. Kwa muda wa miezi sita bei inakuwa Sh20, Sh15, Sh10, Sh12, Sh15 na Sh20. Mwezi wa saba bei inateremka tena hadi Sh15, naye anachukua kalamu ili ajue kama amepata au amepoteza.

Anajumlisha zile bei sita, anapata 92, kisha anagawanya kwa sita. Jibu ni Sh15.33. Kwa kuwa bei ya sasa ni Sh15, anahitimisha kwamba amepata hasara, na pengine anaanza kufikiria kuuza hisa zake kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Hesabu hiyo si sahihi. Mwalimu huyo ana faida, na kosa lake ni la kawaida miongoni mwa wanunuzi wadogo wa hisa. Amechukua wastani wa bei za sokoni akadhani ndiyo gharama aliyoilipia kila hisa. Mambo haya mawili hayalingani, na kwa mtu anayenunua kwa kiasi cha fedha kisichobadilika, gharama daima huwa chini ya wastani wa bei, isipokuwa pale bei isipobadilika kabisa.

Hesabu ilivyo

Njia sahihi ni kuhesabu hisa zenyewe. Mwezi wa kwanza, Sh6,000 zilimpatia mwalimu hisa 300. Mwezi wa pili alipata 400, wa tatu 600, wa nne 500, wa tano 400 na wa sita 300. Kwa jumla ana hisa 2,500, naye ametoa Sh36,000. Ukigawanya fedha hizo kwa idadi ya hisa, unapata Sh14.40 kwa kila hisa. Kwa bei ya Sh15, hisa zake zina thamani ya Sh37,500, yaani Sh1,500 zaidi ya alizotoa, kabla ya kuhesabu ada.

Sasa mlinganishe na jirani yake ambaye hakushikilia kiasi cha fedha, bali idadi ya hisa. Yeye alinunua hisa 400 kila mwezi, bei iwe juu au chini. Kufikia mwisho wa mwezi wa sita ana hisa 2,400, na amelipa Sh36,800. Gharama yake kwa kila hisa ni Sh15.33, sawasawa na wastani wa bei. Ametoa fedha nyingi kuliko mwalimu na amepata hisa chache.

Tofauti imetokana na namna kila mmoja alivyozipa bei uzito. Jirani alizipa bei zote uzito sawa, kwani hisa 400 zilinunuliwa kwa kila bei. Mwalimu naye alinunua hisa 600 bei ilipokuwa Sh10, lakini alipata 300 tu bei ilipokuwa Sh20. Katika kapu lake hisa za bei nafuu ni nyingi kuliko zile ghali, na hivyo basi wastani wake umevutwa chini. Hakuhitaji kutabiri lolote. Kiasi kile kile cha fedha hununua vingi wakati wa urahisi na vichache wakati wa ughali, kama ilivyo kwa mtu anayenunua nyanya za Sh50 kila siku sokoni.

Kanuni hii huonekana pia barabarani. Matatu ikienda mahali kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ile ile kwa kilomita 30 kwa saa, mwendo wake wa wastani si 45, bali ni 40, kwa kuwa ilitumia muda mrefu zaidi katika mwendo wa polepole. Tukisema safari ni ya kilomita 60, kwenda ni saa moja na kurudi ni saa mbili. Kilomita 120 kwa saa tatu ni 40. Mwendo wa polepole hapa umechukua nafasi ya bei ya chini kule sokoni.

Kwa nini haikosei kamwe

Huenda msomaji akauliza kama mfano wetu umechaguliwa makusudi ili utoe jibu zuri. La. Chukua bei mbili zozote, uziite a na b. Wastani wa bei ni (a+b)/2. Gharama ya mtu anayetoa kiasi sawa mara mbili ni 2ab/(a+b). Ukitoa ya pili kutoka kwa ya kwanza, kinachosalia ni:

(a−b)²/(2(a+b))

Nambari yoyote ikizidishwa kwa yenyewe haiwezi kuwa chini ya sufuri. Kwa hivyo tofauti hiyo haiwezi kumgeukia mnunuzi. Itakuwa sufuri bei zinapolingana, na zaidi ya sufuri zinapotofautiana. Kanuni hiyo hiyo hushika hata bei zikiwa sita au mia moja.

Mlingano huo pia unaonyesha ukubwa wa nafuu yenyewe. Bei zikiwa Sh10 na Sh20, wastani ni Sh15 na gharama ni Sh13.33, yaani nafuu ya Sh1.67. Lakini bei zikiwa Sh14 na Sh16, wastani ni ule ule wa Sh15, ilhali nafuu ni takriban senti saba tu. Bei inapoyumba kidogo, nafuu hukaribia kutoweka. Ndiyo maana aliyeweka akiba yake katika hazina ya soko la fedha, ambapo bei ya kipande huwa haibadiliki na mapato huja kwa njia ya riba, hapati chochote kutokana na kanuni hii, hata akiweka kila mwezi bila kukosa.

Nafuu si faida

Hapa ndipo wengi hupotoka. Kununua chini ya wastani wa bei si sawa na kupata faida. Tazama bei nne zinazopanda: Sh10, Sh12, Sh15 na Sh20. Anayetoa Sh6,000 kila mara anapata hisa 600, 500, 400 na 300, jumla 1,800, kwa Sh24,000. Gharama yake ni Sh13.33 na wastani wa bei ni Sh14.25. Hisa zake sasa zina thamani ya Sh36,000, hivyo amepata Sh12,000.

Sasa zipindue bei hizo, zianze na Sh20 na kuishia Sh10. Hisa ni zile zile 1,800, gharama ni ile ile ya Sh13.33 na wastani ni ule ule wa Sh14.25. Nafuu haijabadilika hata senti moja. Hata hivyo, kwa bei ya Sh10, hisa zake zina thamani ya Sh18,000, naye amepoteza Sh6,000. Kinachoamua faida ni bei ya siku ya kuuza ikilinganishwa na gharama, wala si wastani wa bei zilizopita.

Mfano wa kuhuzunisha ni wa kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoingia katika soko la hisa mwaka 2001 na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Aliyeendelea kununua hisa zake huku zikiporomoka aliishusha gharama yake ya wastani mwaka baada ya mwaka, lakini bei ilizidi kuiacha gharama hiyo nyuma. Kanuni ya hesabu haiwezi kuifufua kampuni inayozama. Anayeona gharama yake ikipungua kila mwezi na bei ikipungua kwa kasi zaidi anapaswa kuchunguza hesabu za kampuni yenyewe, asifurahie wingi wa hisa.

Aidha, katika ule mfano wa bei zinazopanda, mtu aliyekuwa na Sh24,000 zote mwanzoni angenunua hisa 2,400 kwa Sh10 na kumpita mnunuzi wa kila mwezi kwa hisa 600. Aliye na fedha zote mkononi, akazigawanya kwa miezi mingi, hukosa ongezeko la bei iwapo soko linapanda. Kwa upande mwingine, wengi wanakumbuka Safaricom, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa Sh5 na kuanza kubadilishana mikono sokoni Juni 2008. Kabla ya mwaka huo kwisha bei ilikuwa chini ya Sh5. Aliyetia fedha zake zote siku ya kwanza hakuwa na kitu cha kununulia bei iliposhuka. Kwa mfanyakazi anayelipwa kila mwezi, hata hivyo, swali hili halipo, kwa kuwa hana fedha za mwaka mzima mwezi wa Januari.

Ada na salio

Hesabu zilizo hapo juu hazikujumuisha ada. Tuseme wakala wa hisa anatoza angalau Sh100 kwa kila agizo. Kwa mwalimu wetu hiyo ni Sh600 kwa miezi sita, na gharama yake halisi inakuwa Sh36,600 kugawanywa kwa hisa 2,500, yaani Sh14.64. Bado iko chini ya Sh15.33. Lakini anayetoa Sh1,000 kila mwezi angelipa asilimia kumi ya fedha zake kwa ada, na nafuu yote ingemezwa. Kwake ni heri kukusanya fedha na kununua mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne.

Lipo pia suala la salio. Bei ikiwa Sh13.70, Sh6,000 hununua hisa 437 na kubakisha Sh13.10. Kwa miaka mingi mnunuzi wa kawaida alilazimika kununua hisa 100 au mafungu yake. Angepata 400 tu, na Sh520 zingebaki bila kazi. Tangu 2025 soko la Nairobi linaruhusu kununua hata hisa moja, na hivyo mpango wa kila mwezi unakaribia zaidi hesabu yake ya karatasini. Salio lolote liongezwe katika fedha za mwezi unaofuata.

Anayetaka kujua gharama yake asitumie orodha ya bei hata kidogo. Aandike daftarini fedha zote alizotoa, ada zikiwemo, na idadi ya hisa alizo nazo, kisha agawanye ya kwanza kwa ya pili. Kampuni ikitoa hisa za bure, mathalan moja kwa kila tano, hisa 2,500 za mwalimu zitakuwa 3,000 na gharama yake, bila ada, itashuka kutoka Sh14.40 hadi Sh12, ingawa bei sokoni nayo kwa kawaida itateremka ili kulingana na wingi huo. Jibu atakalopata ndilo la kulinganisha na bei ya leo, kabla ya kuamua kuuza au kushikilia.