Klonazepamu (kwa ugonjwa wa kuigiza ndoto)

Dawa ya kifafa, jamii moja na diazepamu. Hutumiwa pia kwa mtu ambaye misuli yake hailegei anapoota, hivyo hurusha ngumi au kuanguka kutoka kitandani. Ugonjwa huo ulielezwa Minneapolis, Marekani, mwaka 1986 na Carlos Schenck na wenzake. Mara nyingi huanzwa kwa miligramu 0.5 kabla ya kulala. Nusu ya dozi huchukua takriban saa 30 hadi 40 kutoka mwilini, kwa hiyo kidonge cha leo hukikuta cha jana na kiwango hupanda kwa siku kadhaa. Mzee anayeitumia na kwenda choo cha nje usiku huweza kuyumba akavunjika nyonga, madhara mazito kuliko ngumi za ndotoni. Usahaulifu unaoletwa na dawa hudhaniwa uzee. Kuiacha ghafla huweza kuleta degedege; hupunguzwa polepole, pengine melatonini ikishika nafasi yake.