Kabla ya ‘beibi’ kulikuwa na laazizi

Februari ina tarehe mbili za mahaba. Ya 14 inajulikana kwa maua mekundu na lawama zilezile kila mwaka, kwamba vijana wameacha lugha yao na kuitana “beibi”, “swiiti” na “hani”. Ya 11 haina maua. Siku hiyo, mwaka 2001, alifariki Fadhili William, Mtaita wa Kenya ambaye sauti yake iliupeleka ulimwenguni wimbo wa “Malaika”. Tukitaka kujua Waswahili walibembelezana vipi kabla ya “beibi”, na kwa nini majina yao hayabebeki kirahisi kwenda lugha nyingine, tarehe hii ya pili inatufaa zaidi.

Majina mengi ya mahaba ya pwani yalikuja kwa jahazi. Mpenzi na nyonda ni ya Kibantu, lakini laazizi, muhibu, mahabuba na habibu yametoka kwa Waarabu, na taarabu ndiyo iliyoyatia ladha. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza muziki. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Kwa muda mrefu taarabu iliimbwa Kiarabu, hata mbele ya watu waliokuwa wakiambulia neno moja moja. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu mjini. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kuanzia hapo “laazizi” halikuwa neno la jumba la sultani tena. Lilifika Ng’ambo, kwa wapishi na wachukuzi.

Lakini si kila jina lililovuka bahari lilibaki la mahaba. Muimbaji wa Kairo humwita mpenzi wake “hayati”, yaani uhai wangu, na Mturuki naye ana neno la shina hilohilo. Sisi pia tulilichukua, ila tukamvika marehemu: hayati Mwalimu Nyerere, hayati Mzee Kenyatta. Mke wa Kiswahili atakayeitwa “hayati” asubuhi, mume akiwa mezani na kikombe cha chai, ana haki ya kuuliza anazikwa lini. Na sisi tunayo yetu ambayo yakivuka yanazama. “Barafu wa moyo wangu” ni sifa kubwa kwa mtu wa Tanga au Lamu, kwa sababu pwani yenye joto raha ni ubaridi, na moyo uliotulia husemwa umepoa. Mpelekee maneno hayo mtu wa nchi ya theluji, ataelewa kwamba unamwita katili. Halafu angalia ile “wa”. Barafu la kwenye gilasi halisemwi hivyo. Barafu limepewa upatanisho wa mtu, na herufi hizo mbili ndizo zinazogeuza kitu kuwa mpenzi.

Jina jingine la aina hiyo ni “malaika”, ila kabla ya kulifikia kuna ugomvi wa nani aliutunga wimbo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fadhili William aliurekodi “Malaika” Nairobi akiwa na Jambo Boys, kisha akaurekodi tena na bendi ya Equator Sound. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu iliyoshinda tuzo ya Grami mwaka uliofuata. Boney M wakaucheza 1981, Angelique Kidjo akaurekodi 1991. Kadiri wimbo ulivyosafiri ndivyo wenye nao walivyoongezeka. Fadhili alishikilia hadi kufa kwake kwamba ni wake. Wengine wakasema ni wa Grant Charo, mwenzake wa muziki. Wengine wakamtaja Lucas Tututu. Upande wa Tanzania kuna wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim, aliyezaliwa 1916, na kwamba aliutunga 1945 kwa uchungu wa binti aliyempenda na wazazi wakamkatalia. Kwa simulizi hiyo, binti aliozwa kwa mtu mwenye mali. Simulizi hiyo inaoana sana na wimbo wenyewe, maana kilio cha muimbaji ni fedha. Anataka kuoa, mahari hana. Kuoana huko hakuthibitishi lolote, kwani vijana waliokosa mahari kwa sababu ya umaskini walikuwa wengi Nairobi, Tanga na kila mahali.

Mabishano yote hayo yamehusu mrabaha na jina la mtunzi. Waliojiuliza kwa nini mpenzi aliitwa malaika ni wachache mno. Kwenye albamu ile ya 1965 wimbo ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya “malaika wangu”, na msikilizaji wa Marekani akapata picha ya kiumbe mwenye mabawa, jina ambalo huko mama huwapa hata watoto wake wakila vizuri. Kwetu neno ni pana kuliko hapo, na zito zaidi. Malaika ni mjumbe wa Mungu, naam, lakini pia yupo mtoa roho, ambaye hakuna anayetaka kubembelezana naye. Mtoto mchanga ni malaika kwa kuwa hajatenda dhambi, na akifa wafiwa hufarijiwa kwa neno hilohilo. Tena zile nywele laini za mwilini, zinazosimama ukishtuka au ukisikia baridi, nazo huitwa malaika. Kijana anayemwita hivyo binti asiyeweza kumwoa amechagua jina la kitu safi kisichoshikika. Jina “mpenzi” lisingeufanya wimbo uwe vile ulivyo.

Wenye ndoa zao, kwa upande mwingine, hawakuitana hivyo mbele za watu. Nyumba nyingi za Kiswahili, bara na pwani, mtoto wa kwanza akizaliwa mke huwa Mama Asha na mume Baba Asha. Mgeni husikia ukavu. Wenyewe husikia heshima, na sauti ndiyo inayobeba yaliyobaki: kuna “Baba Asha” ya kuomba hela ya sokoni, na kuna nyingine ambayo majirani hawaisikii. Neno “mpenzi” nalo lilikwishahamia redioni. Kuna wapenzi wasikilizaji na wapenzi wa soka, maelfu kwa mara moja, na hakuna anayeona wivu.

Majina ya marafiki yamepata mkosi mkubwa zaidi. “Shoga” lilikuwa jina tamu la mwanamke kwa mwanamke mwenzake, la kuitana uani na kwenye shughuli. Leo mitaani limekuwa tusi dhidi ya wanaume, na wanawake wengi vijana wamekimbilia “shosti” na “besti”. Akina bibi pwani wanaendelea kuitana shoga bila wasiwasi, na wana haki hiyo. “Yakhe” bado ipo Unguja na Pemba.

Miaka ya karibuni imeongeza “dia”, “beibi” na kadhalika, na sioni msiba katika hilo, kwani laazizi naye alikuja kama mgeni. Kinachokera ni tamthilia za kigeni zinazotiwa sauti za Kiswahili. Mke wa Istanbul wa miaka hamsini, mwenye watoto watatu, anamwambia mumewe mezani, “Mpenzi, nipe chumvi,” kama msichana wa miaka kumi na saba. Hakuna nyumba ya Kigogo wala ya Kisauni inayosema hivyo, labda kwa kejeli baada ya ugomvi. Wanaotafsiri wangejiuliza kwanza wanaozungumza ni nani kwa nani, wana watoto au hawana, na nani mwingine yupo chumbani. Basi mama yule aseme, “Baba Emre, nipe chumvi.” Neno “mpenzi” wamtunzie kijana wa sehemu ya tano, ambaye bado anatafuta mahari.