Kulemewa na Laktosi Si Mzio wa Maziwa

Kijitabu cha lishe kilichotolewa na kamati ambayo sitaitaja kimeandika "mzio wa laktosi" katika ukurasa mmoja na "kutovumilia maziwa" katika ukurasa unaofuata, kana kwamba ni jambo moja. Majina yote mawili nayapinga, na la kwanza ni la hatari.

Mzio ni neno letu la siku nyingi. Kabla hospitali hazijalichukua, mtu aliweza kusema "pweza ni mzio wangu", akimaanisha kwamba hamli kabisa, hata kipande, ama kwa sababu humdhuru ama kwa mwiko wa ukoo. Maana hiyo ya kujiepusha kabisa ndiyo iliyolifanya lifae kwa tiba. Katika mzio wa maziwa, kinga ya mwili huzipiga vita protini za maziwa. Kijiko kilichokorogea chai ya maziwa chaweza kutosha kuamsha vita hivyo: mara nyingi baada ya dakika chache, midomo huvimba, ngozi hutoka mabaka yanayowasha, mtoto hutapika, na pengine pumzi hubana hadi ahitaji sindano ya adrenalini papo hapo.

Laktosi si protini. Ni sukari ya maziwa, ambayo kimeng'enya kiitwacho laktasi huivunja ndani ya utumbo mwembamba. Laktasi ikiwa haba, sukari hiyo huteremka nzima hadi utumbo mpana, ikavuta maji, na bakteria wakaichachusha na kutoa gesi. Tumbo hujaa, hunguruma, huuma, na mtu huharisha. Kinga ya mwili haimo katika kisa hiki hata kidogo.

Sasa mchukue mama ambaye mwanawe wa miezi kumi alivimba midomo na kutoka mabaka baada ya uji wa maziwa. Akiambiwa kwamba mtoto ana "mzio wa laktosi", atafanya lililo la busara kwa maneno aliyopewa: atanunua maziwa yaliyoondolewa laktosi. Lakini maziwa hayo yametiwa laktasi tu ili kuivunja sukari; protini zake zote zimo. Mtoto atavimba tena, na safari hii huenda vibaya zaidi. Maziwa ya mbuzi nayo hayatamwokoa, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Kosa hilo ni la istilahi, na waliolichapisha wanapaswa kulifuta.

"Kutovumilia" kuna kasoro ya namna nyingine. Kwetu kuvumilia ni sifa ya moyo: huvumilia mfiwa, huvumilia aliyeonewa. Ukimwambia mtu mzima kwamba "havumilii maziwa", umemnyima subira wakati tatizo lake liko utumbini. Wengine wanapendekeza "upungufu wa laktasi". Hilo limekaribia, ila hutaja chanzo na kuacha dalili; wapo wengi wenye laktasi kidogo wasiosumbuka kamwe. Laktasi kupungua baada ya utoto ni hali ya kawaida kwa binadamu wengi. Walio tofauti ni kama baadhi ya wafugaji wetu, ambao jeni zao, kama ulivyoonyesha utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007 uliohusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani, huiendeleza hadi utu uzima.

Neno langu ni kulemewa. Mzigo humlemea mtu unapozidi nguvu zake; ukipunguzwa, anatembea. Hivyo ndivyo laktosi ilivyo. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban gramu 12 za laktosi, na wengi wenye laktasi haba hukimudu, hasa wakikinywa pamoja na chakula. Chai yenye maziwa nusu kikombe ina kama gramu 6. Mtu huyo huyo akinywa vikombe viwili vya maziwa matupu asubuhi kabla ya kula, tumbo litamsumbua. Mtindi humfaa zaidi, kwa kuwa bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari na huendelea kusaidia tumboni. Samli karibu haina laktosi. Neno "mzio" lingemnyima vyote hivyo bila sababu, na "kutovumilia" halimwambii kwamba kipimo ndicho kinachoamua.

Matumizi, kwa ufupi: "mgonjwa analemewa na laktosi", "dalili za kulemewa na laktosi", na kwa upande wa pili "mtoto ana mzio wa maziwa". Na kwenye pakiti iandikwe: "Hayana laktosi. Hayamfai mwenye mzio wa maziwa."